Huyu Mama Anasoma Barua

Siku ya mazoezi ya kwanza, katika ukumbi wa chini wa kanisa moja mjini Louisville, Mama Mkubwa alisoma mstari wake wa tano, akanyamaza, akavua miwani. "Mutoto wangu," akaniambia mbele ya watu wote, "huyu mama hasemi. Huyu mama anasoma barua."

Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, lakini masikio yalikuwa yanawaka moto. Tafsiri ile ilikuwa yangu, na nilikuwa nimeikesha wiki tatu nikiwa na kamusi mbili mezani.

Wanaklabu wengi mnakumbuka ilivyoanza. Mwenzetu mmoja aliandika tamthilia fupi ya Kiingereza yenye wahusika watatu: mama, mwanawe aliyeacha chuo bila kusema, na jirani anayejua kila kitu. Kwa Kiingereza huchukua dakika 25. Tulikubaliana kuitia kwa Kiswahili na kuicheza katika miji mitatu yenye jamaa zetu: Louisville nilikokulia, Columbus tunakosoma, na Buffalo anakokaa mwenzangu niliyetafsiri naye. Kila mji ungekuwa na waigizaji wake, ila mswada ungekuwa mmoja. Siku ile Louisville tuliisoma kwa saa mkononi, ikachukua dakika 41. Hakuna aliyeongeza kitu. Dakika zote 16 zilizozidi zilikuwa zangu.

Nataka kueleza zilitoka wapi na tulizipunguzaje, kwa sababu nilidhani tatizo ni maneno, kumbe lilikuwa mapigo.

Nianze na mstari ule wa tano. Mama anamwambia mwanawe kwamba siri yake anaijua tangu miezi mitatu iliyopita. Kwa Kiingereza sentensi hiyo ina maneno saba, na kila neno ni silabi moja. Mwigizaji anaweza kuyagonga moja moja, kama mtu anayebisha mlango. Mimi niliandika hivi: "Nimekuwa nikilifahamu jambo hili kwa muda wa miezi mitatu sasa." Kisarufi haina kosa, na mwalimu angeipa alama. Lakini ihesabu: ina silabi 26. Tena usihesabu silabi tu, hesabu mikazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, hivyo karibu kila neno refu linaleta pigo moja: nimeKUwa, nikilifaHAmu, JAmbo, HIli, MUda, miEzi, miTAtu, SAsa. Hayo ni mapigo manane. Sentensi ya Kiingereza, ukiisikiliza mtu akiisema kwa hasira ya chini chini, ina manne.

Mama mwenye mapigo manane anatoa hotuba. Mama mwenye mapigo manne amekaa mezani, ameshika kikombe, hataki kupiga kelele. Hao ni watu wawili tofauti, ingawa kamusi inasema wamesema jambo moja. Ndiyo maana Mama Mkubwa alisikia barua.

Nilirudi Columbus nikiwa na somo hilo, nikaandika upya: "Najua. Huu mwezi wa tatu." Nilijipongeza. Ni silabi kumi, na ndivyo watu wasemavyo nyumbani: huu mwezi wa tatu hajalipa, huu mwezi wa tatu hajapiga simu. Tukaisoma kwenye chumba cha mikutano cha klabu. Msichana mmoja aliyekuwa anasikiliza bila karatasi akainua mkono mwishoni, akauliza: "Kwa nini mama alisema sasa ni Machi, na mwanzoni walisema theluji ya kwanza imeanguka?"

Alikuwa na haki. Mwezi wa tatu ni miezi mitatu iliyopita hadi leo, na mwezi wa tatu ni Machi. Msomaji angerudi nyuma akasoma tena, akaelewa. Msikilizaji harudi nyuma. Neno la jukwaani husikika mara moja, na maana inayomfikia mtu ni ile iliyo karibu zaidi na maisha yake ya kila siku.

Hapo nilikumbuka jambo tulilosoma darasani juu ya Mwalimu Nyerere. Alipokuwa anaongoza nchi alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ya kwanza, Julius Caesar, ilitoka 1963. Mwaka 1969 aliitoa tena ikiwa imepitiwa upya, na jina safari hii likawa Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ikatoka ya pili, Mabepari wa Venisi. Nilipokuwa darasani niliona majina hayo kama habari za jalada tu. Sasa nayaona kama kazi ya mtu anayefikiria sauti. Juliasi ina irabu za kutosha na mkazo wake uko mahali ambapo ulimi wa Kiswahili unautarajia. Mwigizaji wa Tabora analisema bila kujikwaa. Na neno bepari, ambalo asili yake ni la wafanyabiashara kutoka Gujarati, lilikuwa na maana ya mchuuzi mkubwa. Lakini 1969 ni miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Aliyelisikia neno hilo mwaka huo hakufikiria kwanza mtu wa duka. Mimi naamini Mwalimu alilijua hilo na akalitaka. Mimi na Machi yangu sikulijua na sikulitaka. Tofauti ni hiyo.

Nikaandika mara ya tatu: "Najua. Miezi mitatu." Silabi tisa, mapigo matatu, na hakuna Machi. Tukaupeleka mswada Buffalo, na mwenzangu akawakusanya waigizaji wake sebuleni kwao, akamweka mdogo wake jikoni asikilize kwa mbali. Yule mama wa Buffalo ana sauti ya upole, na mwisho wa sentensi huishusha. Mdogo wake alipoulizwa amesikia nini, alisema: "Miezi mitano."

Tulikaa kwenye simu muda mrefu tukijaribu kuelewa. Kisha mwenzangu akaanza kurudia maneno hayo polepole, na jibu likawa mbele yetu. MiTAtu. MiTAno. Silabi yenye mkazo ni ileile, TA. Kinachotofautisha tatu na tano ni silabi ya mwisho, ile dhaifu, ambayo msemaji huimeza hasa anapofika kituo.

Kiangazi nilikuwa nimekwenda Schiller Park hapa Columbus, ambako kikundi cha waigizaji hucheza Shakespeare bustanini bila kiingilio. (Louisville pia wana desturi hiyo, Central Park, na Buffalo wanayo Delaware Park tangu 1976, ukiwa na jamaa katika miji yetu hii mitatu, huna kisingizio.) Nilikaa nyuma kabisa, watoto wanapita na baiskeli, na bado niliwasikia. Sikujua kwa nini. Sasa najua sehemu ya sababu. Mstari wa kawaida wa Shakespeare una silabi kumi na mapigo matano, na pigo la tano mara nyingi liko kwenye silabi ya mwisho kabisa. Sauti inapanda hadi mwisho wa mstari na kuutua pale kwa nguvu. Kiswahili karibu hakina mwisho wa namna hiyo. Kila mstari wetu humalizika kwa kushuka hatua moja. Hatuwezi kuubadili mkazo wa lugha, lakini tunaweza kuchagua ni neno gani litakalomezwa.

Basi tukarudisha neno moja kati ya yale niliyoyafuta: "Najua. Miezi mitatu sasa." Silabi 11, mapigo manne kama ya Kiingereza. Neno "sasa" halina habari mpya. Kazi yake ni kukaa mwishoni na kumezwa, ili "mitatu" itoke nzima. Na mwana anayejibu anasema neno moja tu, "Mitatu?", kwa hiyo hata aliye jikoni anasikia mara ya pili. Mstari wa maneno manne ulipitia miji mitatu kabla ya kusimama.

Nilidhani baada ya hapo kazi itakuwa nyepesi. Ndipo tukafika kwenye ugomvi.

Katikati ya tamthilia mama na mwana wanakatizana. Mwana anaanza kusema kwamba kama mama angemuuliza angemwambia, na mama anamkata kabla hajamaliza: nilikuuliza! Kwa Kiingereza mwandishi amemkata mwana baada ya maneno matatu au manne, na kila neno lililobaki hewani linasikika kama mlango uliofungwa usoni mwake. Kwa Kiswahili nilijaribu kumkata mahali palepale nikakuta hakuna mahali. "Ungeniuliza" ni neno moja, nalo limebeba sharti, mtenda, mtendwa na tendo. Ukimwacha alimalize, amekwisha kusema yote na mama hakatizi kitu, anajibu tu. Ukimkata katikati, "Ungeni—", mzizi haujafika, na ukumbini hakuna anayejua kama angeulizwa, angepigwa au angepikiwa.

Tuliamua kukata neno linalofuata badala yake. Mwana anasema, "Ungeniuliza, Mama, ningeku—" na mama anaingia: "Nimekuuliza!" Neno la pili limekatwa kabla ya mzizi, lakini la kwanza limekwisha kulifungulia njia. Aliyesikia "ungeniuliza" tayari anangoja "ningekuambia", kwa hiyo anaweza kuimaliza sentensi mwenyewe kichwani. Tangu hapo tulitumia kipimo hicho kila palipokuwa na kukatizana: kata mahali ambapo msikilizaji anaweza kumalizia. Kama hawezi, umempotezea neno, na ugomvi unageuka fumbo.

Kulikuwa na shida moja zaidi, ambayo huwezi kuiona kwenye karatasi. Mama akichelewa nusu sekunde, mwana amebaki na "ningeku" mdomoni, kama gari lililozimika njia panda. Buffalo ilitokea mara mbili, na kila mara kijana alicheka na tukio likafa. Mwandishi Mwingereza Caryl Churchill ana mtindo wa kuweka mkwaju ndani ya mstari kuonyesha mahali mwenzake anapoanza kusema. Tuliuazima. Mswadani tuliandika: "Ungeniuliza, Mama, ningeku/ambia yote." Kijana anajifunza sentensi nzima na anaisema nzima. Mama anaingia kwenye mkwaju. Akiwahi, mwisho wa sentensi unazama chini ya sauti yake. Akichelewa, kijana bado ana la kusema. Hakucheka tena.

Baada ya hayo nilirudi Louisville, kwa Mama Mkubwa, na nakiri nilikwenda na woga. Yeye ni mtu wa Uvira. Kiswahili chake ndicho nilichokulia, kisha nilipoingia chuoni nikakiweka kabatini na kuvaa sanifu, kwa sababu sikutaka mtu yeyote darasani aulize nilikitoa wapi. Nikifikiri vizuri, ule mstari wa silabi 26 haukuwa kosa la kutojua. Nilirundika maneno ili nionekane ninayo.

Mama Mkubwa alisoma mswada mpya na akaenda vizuri mpaka alipofika kwenye swali la mama kwa jirani: "Mbona hukuniambia?" Alilisema mara tatu, kila mara likatoka baridi. Nikamuuliza lina nini. Akasema analielewa vizuri kabisa, amelisikia kwa Watanzania miaka mingi kambini, lakini akikasirika haliji. Linalokuja ni "juu ya nini".

Ni rahisi kubadilisha, nikafikiri: "Juu ya nini haukuniambia?" Ndivyo wanavyosema kwao, na kiambishi cha ukanushi ni hau-. Akaijaribu, na sote tukasikia kwamba hapana. "Mbona" ina silabi mbili tu na inarushwa kama jiwe. Lawama imo ndani yake tayari. "Juu ya nini" ina silabi tano. Inakwenda polepole na inauliza kweli, inataka jibu. Ukiiweka mwanzoni, hasira inaisha kabla ya kitenzi kufika. Mama Mkubwa ndiye aliyeigeuza, bila kushika kalamu: "Haukuniambia." Akamwangalia jirani, akangoja. "Juu ya nini?" Kilichokuwa kirushwe mara moja sasa kilikuja mara mbili: kwanza shtaka, halafu swali. Kasi ya Mombasa ilipotea, lakini pakapatikana kimya katikati, na kimya kile kilikuwa na uzito ambao sikuwahi kuuandika.

Lakini jirani akanyamaza tu, hakuingia. Alikuwa anasubiri kusikia "hukuniambia", neno la mwisho lililo kwenye karatasi yake, ndipo aseme. Alipolisikia mwanzo badala ya mwisho, alichanganyikiwa.

Kutokana na hapo tuliweka utaratibu ambao nadhani unafaa kwa klabu yoyote itakayojaribu mswada mmoja kwa Kiswahili cha watu wengi. Neno la mwisho la kila mstari tulilipigia mstari chini. Hilo halibadilishwi bila kumwambia mwenzako, kwa kuwa yeye ndiye anayeingia nalo. Yaliyo kabla yake mwigizaji anaweza kuyasema kwa Kiswahili cha kwao, mradi mapigo yasizidi. Mahali pa kubadilisha neno la mwisho, tuliandika pembeni namna zote mbili, na waigizaji wote wawili walitia sahihi. Mswada wa Louisville ulitoka na mabadiliko 14 ya namna hiyo, wa Buffalo na sita. Usomaji wa mwisho Louisville ulichukua dakika 28. Zile tatu za ziada tuliziacha. Nyingine ni vimya vya Mama Mkubwa, na hakuna aliyethubutu kuzigusa.

Umebaki mstari mmoja ambao hatukuushinda, nao ni wa mwisho. Mwana anamwambia mama neno moja la Kiingereza lenye silabi mbili. Waingereza hulitumia wakikukanyaga mguu, na hulitumia pia wakija msibani kwako. Mwandishi wetu alilichagua kwa makusudi: hatujui kama kijana anaomba msamaha kwa kosa lake, au anamwonea huruma mama kwa yaliyompata. Huenda mwenyewe hajui. Taa zinazimika juu ya kutojua huko.

Kiswahili hakituruhusu kutojua. "Pole, Mama" ni huruma. Anayesema pole hajakiri kitu. Hata mpita njia anaweza kuisema. "Nisamehe, Mama" ni kukiri, na mama sasa anadaiwa jibu. "Samahani" iko katikati kidogo, lakini mtu hasemi samahani kwa mambo ya miezi mitatu, husema anapoomba kupita. Tulijaribu kuweka zote mbili, "Pole, Mama. Nisamehe." Ilikuwa sahihi na ilikuwa mbaya, kwa sababu ilieleza. Tulijaribu aseme "Mama" tu. Kijana wa Columbus aliweza. Wa Louisville alisikika kama anayeita chakula.

Mwishowe kila mji ulichagua wake. Buffalo walisema "Pole, Mama", na mama wa kule akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kidogo kuliko alichodai. Columbus waliacha "Mama". Louisville kijana alisema "Nisamehe", na Mama Mkubwa, ambaye kwenye mswada hana neno lolote baada ya hapo, alikaa kimya mpaka taa zikazimika zote, kisha gizani tukasikia akivuta kiti na kumsogezea sahani. Hatukumwandikia hivyo.

Mswada uko kwenye kabati la klabu. Mistari imepigiwa chini, mikwaju ipo, namna za Uvira na za Mombasa ziko pembeni. Ukurasa wa mwisho nimeacha nafasi wazi upana wa neno moja. Mwanaklabu au mwalimu mwenye neno la kuliziba, silabi mbili hadi nne, lenye pole na nisamehe ndani yake bila kueleza, aliandike pale kwa penseli. Tutalijaribu kwa sauti kabla ya kulipitisha.